Dirisha la Baba Mapacha

Hotuba ya mama mmoja, mwanachama wetu wa Baraka, mbele ya mkutano wa wanachama na wageni. Tumeiandika kama alivyoisema.

Bwana Prezida wa chama, wazee wetu, wanachama wenzangu tuliorudi pamoja, na ninyi wageni mnaotusaidia, jambo kwenu nyote.

Kamati iliniomba niseme neno la shukrani. Nikauliza, shukrani kwa nani? Wakasema, kwa chama kilichokusaidia ulipougua. Hilo nitalisema, maana ni kweli. Lakini siwezi kushukuru kasha la chama kabla sijamshukuru mtu aliyekuwa anaamka usiku kwa ajili yangu. Yuko pale nyuma, kwenye benchi ya mwisho. Ni Baba Mapacha. Anatazama chini, hapendi kusemwa mbele ya watu. Leo atavumilia.

Wengi mnajua kwamba niliugua. Wachache mnajua niliugua nini, kwa sababu kwetu ugonjwa huu watu wanausema kwa sauti ya chini. Mimi nausema wazi: ni kifua kikuu. Nilikinywea dawa miezi 6, nikapona, na leo nasimama hapa nikiwa na kilo 53.

Ilianza na kikohozi. Kikakaa wiki mbili, kikakaa mwezi. Kila jioni joto kidogo, na usiku jasho. Si jasho la kawaida la huku kwetu kando ya ziwa, hapana, ni jasho la kulowesha kitenge mpaka unakikamua. Katika dispensari ya kwanza nilipewa dawa ya malaria. Nikarudi, nikapewa ya tifoidi. Miezi mitatu ikapita hivyo, na nguo zangu zikawa zinaning'inia mwilini. Nilikuwa mtu wa kilo 56. Walipokuja kunipima baadaye, mizani ilionyesha 41.

Wakati huo Baba Mapacha alikuwa anavua usiku, kama mnavyojua. Wanaondoka jua likizama na taa zao, wanarudi asubuhi na ndagala. Lakini jasho langu lilikuwa la usiku, na kikohozi kilikuwa cha usiku. Basi aliacha mtumbwi. Hakunitangazia. Jioni moja niliona tu wenzake wanapita njiani, yeye amekaa anamenya mihogo. Nikamwuliza, "Leo hauendi?" Akajibu, "Ziwa halikimbie." Kuanzia siku ile alifanya kazi ya kufyatua matofali mchana, kazi ya pesa kidogo kuliko samaki, ili usiku awepo.

Kila usiku alikuwa ananibadilisha kitenge mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Vitenge vyangu havikutosha, akawa ananivalisha mashati yake. Ananifuta mgongo na kitambaa kikavu kwanza, ndipo ananivalisha, kwa sababu ukivaa nguo kavu juu ya ngozi yenye maji unatetemeka mpaka asubuhi. Hayo hakufundishwa na mtu. Aliyaona mwenyewe kwa kunitazama.

Usiku mmoja nilikohoa, na mdomo ukajaa damu. Nilidhani ndio mwisho. Alinikalisha wima, akanishika mabega, akanipa bakuli nitemee humo, nisimeze. Damu ilipotulia alifunika bakuli, akasema, "Hii tutamuonyesha muganga." Asubuhi aliuza baiskeli yake, ile aliyoileta kutoka kambini. Mliorudi nasi kwa boti kutoka Kigoma mwaka 2007 mnaikumbuka baiskeli ile, alivyoishikilia toka Lugufu mpaka bandarini Baraka kama mtu anayemshika mtoto. Aliiuza tupate pesa ya moto ya kunifikisha kwenye kituo kinachopima kifua kikuu. Tangu hapo hajanunua nyingine, na hajawahi kunikumbusha.

Kule walinipa kikopo chenye kifuniko, wakaniambia nilete makohozi ya asubuhi, yanayotoka ndani kabisa, si mate ya mdomoni. Baba Mapacha ndiye aliyeniamsha mapema, akanitoa nje penye hewa, akanishika kiunoni ili nikohoe kwa nguvu. Makohozi yakapelekwa penye mashine ambayo inatambua vijidudu vya kifua kikuu kwa saa mbili hivi, na papo hapo inaonyesha kama dawa inayoitwa rifampisini bado inaviua. Jibu likarudi: kifua kikuu kipo, na dawa ya kawaida itakiweza. Muuguzi akasema pia kwamba kila mgonjwa wa kifua kikuu anashauriwa kupima damu ya ukimwi. Mimi nikanyamaza. Niliogopa. Baba Mapacha akafungua kifungo cha mkono wa shati, akasema, "Anza na mimi." Tulipimwa wote wawili na tukatoka wazima upande huo. Lakini nataka mjue kwamba alinyosha mkono kabla hajajua jibu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nisimame leo.

Siku ile ya kwanza, mimi nilikuwa nimechoka, sikusikia nusu ya maneno ya muuguzi. Yeye alisikia yote, na aliuliza. Aliuliza hivi: "Ugonjwa huu unapita wapi?" Muuguzi akamweleza kwamba unapita kwenye hewa. Mgonjwa akikohoa, vijidudu vinatoka na kuelea, na katika chumba kilichofungwa vinaweza kubaki hewani kwa saa nyingi. Hewa ikipita vinatawanyika, jua likiingia vinakufa. Akauliza tena: "Na sahani? Na kikombe? Na nguo zake?" Muuguzi akasema hapana, haupiti kwenye sahani, wala kikombe, wala nguo, wala kushikana mkono. Unapita kwenye hewa.

Baba Mapacha alirudi nyumbani na maneno hayo mawili, akayafuata yote mawili. Hapo ndipo ninapomshukuru zaidi.

Mnajua nyumba zetu. Tuliporudi tulikuta kiwanja kimekuwa pori. Tulilala kwanza chini ya bashi, kisha tukajenga kwa matofali, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa bado anaogopa wezi na watu wa silaha, tuliweka dirisha dogo kama la kupitisha kichwa cha mbuzi. La kwetu tuliliziba kabisa. Chumba kilikuwa giza hata saa sita mchana. Siku iliyofuata baada ya kituo, alichukua nyundo akatoboa ukuta. Alilifungua dirisha la zamani, akalipanua, halafu akatoboa ukuta wa pili unaotazamana nao, ili hewa ya ziwa iingie huku itokee kule. Akapachika fito za kuzuia mwizi. Kitanda changu akakivuta mpaka jua la asubuhi likaniangukia miguuni.

Wapachika wetu, ambao walikuwa na miaka mitatu, na kaka zao wakubwa, aliwahamishia chumba cha mama yake kwa wiki za kwanza. Yeye mwenyewe alilala barazani, kwenye mkeka, mlango ukiwa wazi, mahali ambapo anasikia nikikohoa lakini halali katika hewa yangu. Muuguzi alituambia kwamba dawa ikifanya kazi na mgonjwa akiinywa kila siku, baada ya wiki chache hatari ya kuambukiza inashuka sana. Alirudi chumbani muuguzi alipomruhusu, si kabla. Na mapacha aliwapeleka kituoni wakachunguzwa. Hawakuwa na kikohozi wala homa, wakapewa dawa ya kinga, kwa sababu watoto wa chini ya miaka mitano ndio ambao ugonjwa huu unawapiga vibaya. Miezi mitatu aliwanywesha kila asubuhi. Hakuna aliyeugua.

Huo ni upande wa hewa. Sasa upande wa sahani.

Watu wa familia walikuja kutuona. Kwa nia nzuri, mmoja alileta sahani na kikombe, akasema hivi vitakuwa vya mgonjwa peke yake, na nguo zake zioshwe mbali. Mwingine alimwita Baba Mapacha pembeni, lakini nyumba ilikuwa sasa na madirisha, nikasikia. Alisema, "Bibi yako amekwisha. Umurudishe kwabo, wamwangalie. Wewe bado kijana, utaoa." Ndugu zangu, hayo nayasema bila hasira. Ni hofu ilikuwa inasema. Lakini mtu mgonjwa wa kilo 41, akisikia neno kama hilo, anahesabu siku zake.

Baba Mapacha hakugombana na mtu. Alipika bugali na sombe. Akaja nao pale tulipokuwa tumekaa nje, akaweka sahani moja kati yetu wawili, mbele ya wageni wote. Akamega, akanipa. Akamega, akala. Akanywa maji kwenye kikombe changu. Kisha akamgeukia yule aliyemwita pembeni, akasema, "Muganga alisema ugonjwa uko kwenye hewa. Haiko kwa sahani. Na kwabo ni hapa."

Kwabo ni hapa. Mimi niliyeishi kambini ugenini miaka mingi nikiambiwa kila siku kwamba kwetu ni kwingine, sikuwahi kusikia neno zuri kuliko hilo.

Kuna wagonjwa ambao watu wao wanaogopa kila kitu. Wanatengewa sahani, mkeka, hata salamu, halafu wanafungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha wakikohoa na watoto humo humo. Wanakimbia pasipo na hatari, na penye hatari wanakaa. Baba Mapacha alijua wapi akae mbali na wapi akae karibu. Alipokuwa mbali nami usiku, nilijua sababu yake. Alipokuwa karibu nami mchana, nilijua hanidanganyi.

Niseme kidogo kuhusu dawa, kwa sababu huko ndiko wengi wanaangukia, na huko pia alinibeba.

Vidonge vilikuwa vitatu kila asubuhi, kwa kipimo cha uzito wangu, na kila kidonge kina dawa nne ndani yake kwa miezi miwili ya kwanza. Siku ya kwanza nilienda kukojoa, nikaona mkojo ni mwekundu kama fanta. Nilipiga kelele. Akaja mbio, akacheka, mara ya kwanza kucheka baada ya miezi: "Ni dawa hiyo. Muganga aliniambia. Usipouona hivyo ndipo nitauliza kama umemeza." Kila asubuhi nilipoenda chooni nilikuwa na ushahidi wangu.

Wiki ya tatu nikaanza kutapika. Hapa wengine wangesema, acha dawa, inakuua. Wengine wangesema, vumilia, kunywa tu. Yeye hakusema hili wala lile. Alinisogeza dirishani, akafungua macho yangu kwa vidole, akatazama kama weupe wake umekuwa wa manjano. Hivyo alikuwa ameambiwa: macho yakiwa ya manjano pamoja na kutapika, ini linaumia, na dawa inasimamishwa mara moja mpaka kituo kiseme. Macho yalikuwa meupe. Hata hivyo alinipeleka siku ile ile. Muuguzi alinichunguza, akaona ini ni zima, akaturuhusu kula uji kidogo kabla ya vidonge. Baba Mapacha akawa anapika uji wa soya kabla jua halijatoka. Kutapika kukapungua, kisha kukaisha. Nyayo zilipoanza kuchoma kama nimekanyaga pilipili, alinirudisha tena, nikapewa kidonge cha vitamini kinachotuliza hilo, na jioni alikuwa ananikanda miguu.

Kisha mwezi wa tatu ukafika. Kikohozi kimekwisha, jasho limekwisha, nakula. Makohozi yalipimwa mwisho wa mwezi wa pili, hayakuonekana vijidudu. Dawa zikabadilishwa, mbili badala ya nne, bado miezi minne. Hapo ndipo mtu anajiona amepona, anaanza kusafiri, anasahau. Vijidudu vilivyolala vinaamka, na vinaweza kuamka vimezoea dawa, na matibabu ya hivyo ni magumu na marefu zaidi. Baba Mapacha alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga. Kila karatasi ya vidonge ikiisha anaitia humo. Jumapili anamwaga mezani, mapacha wanamsaidia kuhesabu. Nilipoalikwa kwenye matanga Fizi, siku mbili, alifunga vidonge vya siku mbili kwenye kitambaa, akavifunga kwenye pindo la kitenge changu. Mwezi wa tano wakapima, hakuna. Mwezi wa sita wakapima, hakuna. Siku hiyo alimwaga mkebe wote mbele ya muuguzi, na muuguzi akamwambia, "Papa, wewe ndio muuguzi wangu wa pili."

Najua alilipa nini. Aliteka maji bombani na bidoni mbili, na akina mama walimcheka, wakasema nimemlisha kitu. Alifua kaniki zangu mchana, watu wakipita. Alininyoa nywele zilipokuwa zinanilemea, akaninawisha nilipokuwa siwezi kuinua mkono, na hakugeuza uso hata mara moja. Alipoteza nafasi yake kwenye mtumbwi, na msimu ule wa ndagala ulikuwa mzuri.

Kwa chama nasema aksanti. Pesa ya moto ya kila mwezi ilitoka kwenye kasha lenu, na dawa zenyewe tulipewa bure kituoni. Bila pesa hiyo tungeuza na mabati. Lakini nina ombi moja kwenu na kwa wafadhili waliopo. Kasha letu linamhesabu mgonjwa. Halimhesabu anayemwuguza. Kwa kifua kikuu, wiki zile za kwanza mtu mmoja anaacha kazi yake kabisa, na nyumba inakula nini? Mkiandika kanuni mpya, ongezeni mstari huo. Kilo kadhaa za unga kwa mwezi mmoja au miwili zingetosha kumzuia mwenzake asirudi ziwani mapema na kumwacha mgonjwa peke yake na vidonge vyake.

Na sasa wewe, Baba Mapacha. Inua kichwa kidogo.

Aksanti kwa mashati yako yaliyooza kwa jasho langu. Aksanti kwa baiskeli. Aksanti kwa kutangulia kunyosha mkono. Aksanti kwa kulala barazani miguu ikiwa nje, na kwa kurudi ndani siku uliyoruhusiwa. Aksanti kwa kutazama macho yangu kila asubuhi, hata sasa ambapo nimepona, maana bado unayatazama, nimekuona.

Na lile tundu la pili ukutani, mafundi wamesema tulizibe kabla ya mvua. Nimewaambia wapige fremu na mlango wa mbao, lifungwe usiku, lifunguliwe asubuhi. Dirisha hilo halizibwi.